Taa ya injini baada ya vumbi la Marafa: kukagua chujio la hewa na sensa yake, hatua kwa hatua

Gari likikosa nguvu kwenye barabara ya vumbi, huku kwetu Malindi jibu ni moja: "Pulizia eyaklina." Na mara nyingi nguvu hurudi, ndiyo maana jibu hilo halifi. Lakini karatasi ya chujio hilo la hewa iliyotoboka hupitisha hewa kwa urahisi kuliko nzima, kwa hiyo gari linaweza kukimbia vizuri huku injini ikila mchanga. Mimi nilijifunza hayo kwa Probox yangu ya lita 1.5, ninayobebea bidhaa za duka kutoka Malindi hadi Marafa.

Ilikuwa mwezi wa pili, kaskazi imeshakausha kila kitu na udongo mwekundu wa Magarini umekuwa laini kama unga. Kwenye lami ya kuelekea Mambrui sikuona tatizo lolote. Shida ilianza nilipopandisha na mzigo: nakanyaga mafuta hadi chini, gia inajishusha, mngurumo unapanda, mwendo haupandi. Taa ya injini haikuwaka. Nikasimama kwenye gereji moja ya kando ya barabara, kijana akatoa chujio, akalipuliza kwa bomba lilelile la kujazia upepo magurudumu, mdomo wa bomba ukigusa karatasi. Likatoka wingu jekundu hadi wateja wa duka la jirani wakalalamika.

"Ami, sasa ukitaka kupaa utapaa," akaniambia.

Na kweli gari lilipata nguvu siku hiyo. Wiki mbili baadaye taa ya injini ikawaka, na kila nikiondoka kwenye kituo gari linasitasita kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Kwa nini taa haikuwaka mwanzoni

Hapa ndipo wengi hukosea, nami nilikuwa miongoni mwao. Chujio lililoziba peke yake, kwenye gari la petroli la aina hii, mara nyingi haliwashi taa. Sensa ya kupima hewa imekaa baada ya chujio, kwa hiyo inapima hewa iliyofanikiwa kupita. Ikipita kidogo, inaripoti kidogo, na kompyuta inamwaga petroli kidogo inayolingana nayo. Hesabu iko sawa, ila injini haishibi. Ni kama kunywa dafu kwa mrija uliobonyezwa: maji ni yaleyale, lakini unavuta mpaka mashavu yanaingia ndani. Ukienda polepole hata hutambui. Utatambua pale injini inapotaka hewa nyingi, yaani ukipandisha, ukilipita lori au ukibeba mzigo.

Vumbi likipenya chujio, mambo hubadilika. Ndani ya sensa mna uzi mwembamba sana unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita huupoza, na umeme huongezwa ili joto lake lisishuke. Kiasi cha umeme kinachohitajika ndicho kipimo cha hewa. Sasa, vumbi likiugandia huwa kama limeuvisha shuka: hewa inapita lakini haiupozi ipasavyo. Sensa inaripoti hewa ndogo kuliko iliyoingia kweli. Kompyuta inatoa petroli kwa hesabu hiyo ya uongo, na mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi, petroli haba. Sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi inalibaini hilo, na kompyuta inaanza kufidia kwa kuongeza petroli, asilimia 5, 10, 20. Fidia ikifika ukomo wake, taa inawaka na kodi, yaani namba ya kosa inayoandikwa kwenye kompyuta, ni P0171. Kwenye Toyota kama yangu haiwaki mara ya kwanza tu tatizo linapoonekana. Lazima lionekane tena kwenye safari inayofuata. Kwa hiyo ukiiona, ujue jambo hilo si la asubuhi ileile.

Dizeli zenye taabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, zina tabia tofauti. Kwenye pikapu au matatu ya dizeli, chujio lililoziba linaweza kushusha shinikizo la taabo kiasi cha kuwasha taa lenyewe, mara nyingi kwa kodi P0299, na moshi mweusi ukafuata nyuma ukikanyaga mafuta. Ukaguzi wa chujio ninaoueleza hapa unazifaa nazo pia, ila hesabu za fidia za mbele ni za petroli.

Kabla hujafungua kitu

Taa ikiwa imetulia, na geji ya joto iko mahali pake, unaweza kwenda taratibu hadi nyumbani. Ikiwa inapepesa, hiyo ni habari nyingine: injini inakosa kuwaka kwenye silinda, na petroli mbichi inakwenda kuunguza kichujio cha moshi. Punguza mwendo mara moja, na usiendelee kuvuta mzigo.

Usifungue kijumba cha chujio barabarani kwenye upepo. Nimewaona madereva wakifungua pale vumbi linapotua, wakidhani wanasaidia. Kila ukifungua unakaribisha mchanga upande ulio safi. Tafuta kivuli kisicho na upepo, zima injini, iache ipoe. Uwe na tochi, kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo, brashi laini ya rangi na bisibisi ya nyota. Chujio jipya na kopo la dawa ya kusafishia sensa ya hewa ni bora viwe mkononi kabla ya kuanza, vinginevyo utashawishika kurudisha lile bovu.

Kulisoma vumbi

Anza nje. Piga brashi na ufute kifuniko na maungio yake yote kabla ya kugusa vibanio. Vumbi lililokaa juu ya ule mstari wa kufunga ndilo litakaloanguka ndani ukifungua, kisha utalilaumu chujio bure.

Fungua vibanio, inua kifuniko taratibu, na usikivute kwa nguvu kwa sababu waya wa sensa na bomba la raba vimeshikana nacho. Toa chujio likiwa limelala vilevile lilivyokuwa. Upande wa chini, unaopokea hewa ya nje, ukiwa mwekundu usishtuke. Hiyo ndiyo kazi yake.

Sasa washa tochi utazame upande wa pili, ule unaoelekea injini. Funga kitambaa cheupe kwenye kidole upanguse ndani ya kifuniko na mwanzo wa bomba la raba. Kitambaa kikitoka na kijivu hafifu, si neno. Kikitoka chekundu, vumbi limepita, na kubadilisha chujio pekee hakutamaliza kesi. Changu kilitoka kama nimepangusia tofali.

Ukishajua limepita, tafuta lilipopitia. Njia ni chache. Angalia raba inayozunguka ukingo wa chujio: mahali penye mwanya huwa na mstari wa vumbi unaokatiza raba kutoka nje kwenda ndani, kama njia ya siafu. Kisha lishike chujio mbele ya tochi gizani, ukilipitisha mkunjo kwa mkunjo. Mwanga hafifu unaosambaa sawasawa ni wa kawaida. Nukta kali ya mwanga ni tundu. Langu lilikuwa na matundu matatu madogo katikati, pale hasa mdomo wa bomba la upepo ulipokuwa umegusa, na mikunjo miwili ilikuwa imelaliana. Kibanio kimoja nacho kilikuwa hakijaingia, kimeegemea tu.

Mwisho, lifuate bomba la raba kutoka kwenye sensa hadi injini. Likunje kidogo kwa mkono utazame ndani ya mikunjo yake, maana nyufa hujificha humo. Ufa baada ya sensa huingiza hewa isiyopimwa, na kodi yake ni hiyohiyo P0171. Kaza pia pete za chuma za pande zote mbili.

Kupuliza au kununua

Ukiniuliza mimi, kwenye barabara zetu chujio la karatasi ni la kubadilisha. Likiwa halijachanika na uko mbali na duka, liondolee vumbi kwa kuligongagonga taratibu upande wa chini juu ya kiganja, uso mchafu ukitazama ardhi. Ukilazimika kutumia upepo, hewa itoke upande safi kuelekea upande mchafu, bomba liwe mbali na karatasi kama shubiri moja, na shinikizo lisizidi 30 psi. Kompresa ya kujazia magurudumu huwa na mara tatu au nne ya hapo, na ndiyo inayotoboa. Ukipuliza kutoka upande mchafu unazipigilia chembe ndani ya karatasi, na nyingine zitatokeza ng'ambo.

Usilioshe kwa maji, petroli wala mafuta taa. Karatasi ikilowa huvimba, na ikikauka hairudi kama ilivyokuwa. Watu wa bodaboda husema mbona wao wanaosha. Ni kweli, pikipiki nyingine zina chujio la sponji, ambalo huoshwa, likakaushwa na kupakwa mafuta kidogo. Sponji si karatasi.

Dukani usiangalie boksi, toa chujio lenyewe. Mimi huenda na lile la zamani na kuyapanga pamoja: yalingane urefu, upana na unene wa raba. Bonyeza raba kwa kidole. Ikiwa ngumu kama plastiki, haitaziba. Mikunjo ikiwa michache na imeachana, basi karatasi ni ndogo na itaziba upesi. Chujio la bei rahisi lililokaa vizuri kwenye kiti chake ni afadhali kuliko la bei ghali linalocheza.

Kabla ya kuweka jipya, futa kijumba chote kwa kitambaa chenye unyevu, hasa ule mfereji raba inamokaa. Punje chache za mchanga mle zinatosha kuinua raba. Weka chujio, zungusha kidole ukingo mzima kuhakikisha limelala, rudisha kifuniko, kisha bana. Sikiliza kila kibanio kikilia "tak". Ukilazimika kusukuma kwa goti, kuna kitu hakijakaa.

Kusafisha sensa

Hatua hii ndiyo iliyozima taa yangu. Sensa imechomekwa kwenye bomba, baada tu ya kijumba cha chujio, imeshikwa na skrubu mbili. Ufunguo uwe umetolewa. Bonyeza kikufuli cha plagi, uivute plagi kwa kushika plastiki, si waya. Legeza skrubu, na uitoe sensa ikiwa imenyooka.

Ukitazama ndani ya kidirisha chake utaona nyuzi au vijiti viwili vidogo. Usiviguse. Si kwa pamba, si kwa brashi, si kwa ncha ya kitambaa. Usivipulize kwa kompresa wala kwa mdomo, maana mdomo una mate. Ishike mdomo wa sensa ukitazama chini, unyunyize dawa kwa vipindi vifupi kutoka umbali wa vidole vinne au vitano, kama mara 10 hivi, kila pembe ya kidirisha. Mimi niliona tone la kwanza likitoka rangi ya chai ya rangi, la mwisho likawa maji.

Dawa iwe ile iliyoandikwa kwamba ni ya sensa ya hewa. Ya kusafishia kabureta au breki ni kali, huweza kula plastiki au kuacha utando juu ya uzi. Ukiikosa Malindi mjini, dawa ya kusafishia vifaa vya umeme isiyoacha mabaki hufaa. Iache sensa ikauke yenyewe dakika 15 au zaidi. Usiirudishe mbichi, kwani dawa yenyewe inashika moto.

Namba zinavyosema

Kisomaji cha kodi si anasa tena. Kile kidogo cha ELM327 huchomekwa kwenye soketi yenye matundu 16 chini ya usukani, na simu ndiyo kioo chake. Watu husoma kodi, wakaifuta, wakaondoka. Mimi naona faida kubwa iko kwenye namba zinazosomeka injini ikiwa inanguruma.

Tazama mbili: `STFT`, fidia ya petroli ya papo hapo, na `LTFT`, fidia ambayo kompyuta imeizoea. Zijumlishe. Zikiwa baina ya -10 na +10, injini iko salama. Injini yangu ikiwa imepata moto na imetulia, jumla ilikuwa +14. Nilipoishikilia kwenye mizunguko 2500 kwa dakika, ikapanda hadi +26.

Mwelekeo huo wa kupanda ndio uliotuondolea ubishi. Fundi mzee niliyempelekea alikuwa anashuku bomba limepasuka. Akatazama simu, akatikisa kichwa: "Hapana mwanangu. Kama ni ufa, ungeumwa zaidi ikiwa imetulia, na ukikanyaga ungepata nafuu." Ana sababu: hewa ya ufa ni kiasi kilekile kidogo. Injini ikivuta kidogo, hiyo ni sehemu kubwa ya hewa yote. Ikivuta nyingi, haionekani. Sensa chafu hukosea kote, na mara nyingi kosa hukua hewa inapozidi.

Kabla ya kusafisha, `MAF`, yaani sensa ya hewa, ilisoma gramu 1.8 kwa sekunde injini ikiwa imetulia, na 6.6 kwenye mizunguko 2500. Baada ya kusafisha na kuweka chujio jipya zilikuwa 2.0 na 8.0. Hewa iliyokuwa ikiingia haikubadilika kiasi hicho. Iliyobadilika ni taarifa. Nikafuta kodi kwa simu ili kompyuta ianze kujifunza upya, nikaenda Gongoni na kurudi, nikapima tena: +3 ikiwa imetulia, +4 kwenye 2500. Huna kisomaji? Taa itajizima yenyewe baada ya safari kama tatu zisizo na kosa. Ikiwaka tena ndani ya wiki, rudi kwenye kitambaa cheupe.

Kama fidia ni nzuri, chujio ni jipya, na bado gari halivuti mlimani, usiendelee kuhangaika na hewa. Huenda kichujio cha moshi kimeziba, na hapo gari hukabwa zaidi kadiri mizunguko inavyopanda. Na kama fidia ni kubwa na hupanda ukikanyaga hata baada ya sensa kusafishwa, mshuku pampu ya petroli.

Kurudi kwenye vumbi

Sasa hukagua kila baada ya kilomita 2,500 wakati wa kaskazi, na hubadilisha kila kilomita 10,000 au pale kitambaa au mlima unaponiambia mapema. Sifungui kila wiki. Chujio lenye vumbi kidogo huchuja vizuri kuliko jipya kabisa, kwa sababu tabaka la kwanza la vumbi linasaidia kuziba vinyweleo vya karatasi. Kulitoa na kulirudisha mara kwa mara kunachakaza raba tu.

Nyuma ya lori la mawe, baki mbali mpaka uone barabara, si wingu. Upepo ukivuma kutoka ubavuni, vumbi huhamia upande mmoja. Endesha upande ulio wazi pale barabara inaporuhusu, na ukishindwa, simama chini ya mwembe dakika tano lipite. Hilo linaokoa chujio kuliko kifaa chochote cha dukani.

Kwa zile wiki mbili ambazo Probox yangu ilivuta mchanga, nilibadilisha oili na chujio lake siku ileile bila kungoja kilomita zake. Mchanga ukishapita kwenye silinda huishia kwenye oili, na oili huuzungusha kila mahali kama msasa. Nikaweka alama kwenye kijiti cha oili nikawa nakiangalia kila Ijumaa. Oili ikishuka kabla ya wakati, na moshi wa buluu ukitoka asubuhi ukiwasha, basi ringi za pistoni zimeshalika, na hapo hakuna dawa ya kopo.